Video mbili, watazamaji 300 kila moja: namna ya kujua kama tofauti ni ya kweli au ni bahati

Swali linalonijia kila mara kutoka kwa wenye biashara ninaowahariria video hapa Mbeya ni hili: "Kaka, toleo B limeleta wateja 30 na toleo A limeleta 18. B imeshinda, si ndiyo?" Wengine wanatuma picha ya skrini tu, na chini wameandika asilimia zimeongezeka kwa kiasi gani. Nimeandika mwongozo huu ili nisijibu vipandevipande tena. Ni kwa ajili yako wewe ambaye kila video yako imeonwa na watu mia mbili, mia tatu au mia nne, si laki. Watazamaji wakiwa wachache namna hiyo, bahati peke yake inaweza kutengeneza pengo kubwa la kushangaza, na kazi yetu ni kujua pengo lipi haliwezi kutengenezwa na bahati kirahisi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mfanyabiashara yuko Tukuyu, anauza miche ya parachichi ya Hass iliyobebeshwa. Ana klipu ya sekunde 60. Toleo A linaanza na yeye mwenyewe akijitambulisha na kutaja kitalu chake. Toleo B linaanza moja kwa moja na kisu kinachonga kikonyo na kukipachika kwenye shina, utambulisho unakuja baadaye. Anataka kujua ni mwanzo upi unawafanya watu wengi zaidi waulize bei. Namba za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri, ila hazijapishana na zile ninazoletewa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Matoleo mawili ya video yanayotofautiana kwa jambo moja tu. Simu yenye WhatsApp, na namba za wateja zisizopungua 600. Mfano wetu una namba 840. Jedwali la Google Sheets au Excel, hata la kwenye simu. Daftari, au ukurasa wa kuandikia uamuzi wako kabla hujatuma chochote. Na siku 3 za kusubiri bila kuchungulia, jambo ambalo kwa watu wengi ndilo gumu kuliko hesabu zenyewe.

Natumia WhatsApp kwa sababu huko unaweza kuamua mwenyewe nani aone lipi. Ukipandisha A kwenye ukurasa wako Jumatatu na B Ijumaa, mtandao ndio unaochagua watazamaji, na kila siku unachagua wengine. Hapo hulinganishi video mbili, unalinganisha Jumatatu na Ijumaa. Hakuna hesabu ya kuokoa jaribio la namna hiyo, hata watazamaji wakifika elfu kumi.

Hatua ya 1: Chagua kipimo kimoja, kiwe cha ndiyo au hapana

Chukua daftari uandike: "Nitahesabu watu waliojibu neno BEI ndani ya saa 72." Basi. Maneno yanayoambatana na video yawe yaleyale kwa matoleo yote: "Ukitaka bei ya miche, jibu BEI." Kila mtu aliyefungua ujumbe ama amejibu au hajajibu, na kipimo cha aina hiyo ndicho rahisi kuliko vyote kukipima.

Usiandike vipimo vitano ukisema utaona kipi kitatoka vizuri. Ukipima vitu vitano visivyohusiana, kwa kigezo cha kawaida cha kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, kuna uwezekano wa kama 23 katika 100 kwamba angalau kimoja kitakuonyesha "mshindi" hata kama video zako hazina tofauti yoyote. Vingine unaweza kuvitazama kwa kujifunza, lakini uamuzi utoke kwenye kile ulichokiandika.

Hatua ya 2: Hakikisha ni jambo moja tu limebadilika

Kama B ina mwanzo mpya, lakini pia ni fupi zaidi, ina muziki mwingine na inamaliza kwa kutaja punguzo, hutajua nini kilifanya kazi. Urefu uwe uleule. Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakifikirii: uzito wa faili. Mtu mwenye bando la mwisho la siku haifungui video ya MB 14, lakini ya MB 5 ataifungua. Toa faili zote mbili kwa ubora uleule, halafu angalia uzito. Zikipishana sana, punguza nzito.

Kingine ni picha ndogo inayoonekana kabla video haijaguswa. WhatsApp huichukua mwanzoni mwa video. Kwa kuwa matoleo yetu yanatofautiana mwanzoni, picha hiyo nayo ingetofautiana, na wangefungua watu wa aina tofauti. Weka picha moja ileile ya mche kwa nusu sekunde mwanzoni mwa A na B. Mtazamaji hataiona sana, lakini kivutio cha kufungua kitakuwa sawa.

Hatua ya 3: Gawa watu kwa bahati nasibu

Hii ndiyo hatua inayobeba jaribio zima. Weka majina yote 840 kwenye safu ya A ya jedwali. Kwenye safu ya B, kila mstari, andika:

```
=RAND()
```

Kisha nakili safu ya B na uibandike palepale kama thamani tu, maana usipofanya hivyo namba zitajibadilisha kila ukigusa jedwali. Panga mistari yote kwa kufuata safu ya B. Watu 420 wa juu wanapata A, 420 wa chini wanapata B. Usihamishe hata mmoja baada ya hapo, hata ukiona shemeji yako ameangukia upande usioutaka.

Kosa la kawaida ni kugawa kwa alfabeti. Fungua simu yako uone tulivyo na mtindo wa kuhifadhi majina: "Mama Neema", "Mama Uyole", "Mkulima Makambako", "Mteja Hass Njombe". Ukikata orodha katikati kwa alfabeti, akina Mama, Wakulima na Wateja wote wanaangukia upande mmoja, na upande wa pili wanabaki mafundi, madereva na ndugu. Mteja aliyeshanunua miche na fundi bomba wa Mwanjelwa hawawezi kujibu sawa hata uwatumie video ileile. Kugawa kwa tarehe ya kuhifadhi namba nako kuna tatizo hilohilo, kwa sababu wapya ndio wana moto wa kununua.

Kabla ya kugawa, ondoa marudio. Mwenye laini mbili abaki na moja. Mume na mke wa nyumba moja wanaotazamana simu, mchukue mmoja. Hesabu yote inayofuata inadhani kila mtu ameamua peke yake.

Hatua ya 4: Tuma kwa wakati mmoja

Orodha moja ya brodikasti kwenye WhatsApp inabeba watu wasiozidi 256, kwa hiyo kundi la 420 ligawe orodha mbili za 210. Jumla utakuwa na orodha nne. Zitume zote ndani ya dakika chache, na uzipishe: A ya kwanza, B ya kwanza, A ya pili, B ya pili. Usitume A asubuhi watu wakiwa shambani na B saa mbili usiku wamekaa na simu.

Kumbuka ujumbe wa brodikasti unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengi hawatafikiwa, na hilo si tatizo la jaribio, kwa sababu ulishawagawa kwa bahati na upungufu unakula pande zote. Tatizo ni kwamba 840 inaweza kushuka hadi 600. Panga ukijua hilo.

Msimu nao unahusika. Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini zinaanza Novemba au Desemba, na maswali ya miche yanafuata mvua. Toleo lililotumwa Agosti haliwezi kulinganishwa na lililotumwa Desemba. Kama umeshafanya hivyo, anza upya tu.

Hatua ya 5: Subiri hadi muda ulioandika

Saa 72, kisha unahesabu mara moja. Usichungulie matokeo jioni ya kwanza ukatangaza mshindi, na usiongeze siku kwa sababu "B inakaribia kushinda". Ukichungulia mara 5 katikati ya jaribio na uko tayari kusimama mara tu kigezo kikivukwa, uwezekano wa kupata mshindi wa uongo haubaki 5 katika 100. Unapanda hadi kama 14. Ukichungulia mara 10 unafika kama 19. Hesabu ni ileile, ila umeipa bahati nafasi nyingi za kukupata.

Hatua ya 6: Hesabu watu, si matukio

Kwenye ujumbe wa brodikasti, bonyeza na ushikilie, ingia kwenye maelezo yake, utaona majina ya waliofungua. Hao ndio watazamaji wako. Ni kweli kwamba kufungua ujumbe si kutazama video mpaka mwisho, lakini upungufu huo uko sawa pande zote. Waliozima alama za buluu hawataonekana kwenye orodha. Waache nje kabisa, hata kama wamejibu BEI. Ukiwahesabu waliojibu peke yao, utakuwa umeongeza juu bila kuongeza chini.

Mtu aliyejibu BEI mara tatu ni mtu mmoja. Aliyepata video kwa kusambaziwa kwenye kikundi cha kwaya au cha VICOBA, na jina lake halimo kwenye orodha yako, muuzie miche lakini usimhesabu.

Mfanyabiashara wetu amepata hivi:

Toleo A: wamefungua 305, wamejibu 18. Hiyo ni asilimia 5.9.
Toleo B: wamefungua 298, wamejibu 30. Hiyo ni asilimia 10.1.

Hapa ndipo picha za skrini zinapoanza kutumwa, kwa sababu 30 ukilinganisha na 18 ni ongezeko la karibu theluthi mbili.

Hatua ya 7: Kipimo cha haraka cha kichwani

Makundi yakiwa yanakaribia kulingana kwa ukubwa, na waliojibu wakiwa sehemu ndogo, huhitaji jedwali kwa jibu la kwanza. Toa idadi ndogo kwenye kubwa, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa jumla ya waliojibu wote. Likizidi 4, tofauti ina umuhimu wa kitakwimu, yaani bahati peke yake haiwezi kuitengeneza kirahisi. Lisipofika 4, bado.

30 kutoa 18 ni 12. Mara 12 ni 144. Jumla ya waliojibu ni 48. 144 kugawanya kwa 48 ni 3. Haijafika.

Kwa watu 18 upande wa A, B ingehitaji kufika 33: tofauti 15, mara 15 ni 225, kugawanya kwa 51 ni 4.4. Iweke hii kichwani, kwa sababu ndiyo inayokata mjadala haraka kuliko zote. Kwa kundi la 300 na majibu kama 18 upande mmoja, upande wa pili lazima ukaribie mara mbili ndipo uanze kusema kitu.

Kwa nini iwe kubwa hivyo? Chota bakuli mbili za maharage kutoka gunia moja na uhesabu yaliyotobolewa na wadudu. Hutapata idadi sawa, ingawa gunia ni moja. Kwa video, kama matoleo yote yangekuwa na uwezo uleule wa kuleta majibu ya asilimia 8, makundi mawili ya watu 300 yangepishana kwa hadi watu 13 hivi katika majaribio 95 kati ya 100. Sisi tumepishana kwa 12. Yaani tuko ndani ya kile ambacho gunia moja linaweza kutoa, ila pembezoni kabisa.

Hatua ya 8: Hesabu kamili kwenye jedwali

Hii itumie kila mara kabla ya kutoa uamuzi, hasa makundi yakipishana kwa ukubwa. Weka waliofungua A kwenye B2 na waliojibu A kwenye C2. Waliofungua B kwenye B3 na waliojibu B kwenye C3. Kwenye E2 andika:

```
=(C3/B3-C2/B2)/SQRT((C2+C3)/(B2+B3)*(1-(C2+C3)/(B2+B3))*(1/B2+1/B3))
```

Kwa namba zetu inatoa 1.89. Hiyo ndiyo z, yaani pengo ni mara ngapi ya mtikisiko wa kawaida wa bahati, na mstari wa kawaida wa kuvuka ni 1.96. Kwenye E3 andika:

```
=2*(1-NORMSDIST(ABS(E2)))
```

Inatoa 0.059. Hii ndiyo thamani ya p, na ili ivuke inatakiwa iwe chini ya 0.05. Isome hivi: kama video zote mbili zingekuwa na nguvu sawa kabisa, pengo kubwa kama hili au zaidi, kwa upande wowote, lingetokea kama mara 6 katika majaribio 100. Haimaanishi kuna uhakika wa asilimia 94 kwamba B ni bora. Hili ndilo kosa la kusoma ninalokutana nalo zaidi, hata kwa watu waliosoma takwimu chuoni.

Sasa kwenye E4 na E5 weka kiwango cha chini na cha juu cha pengo lenyewe:

```
=(C3/B3-C2/B2)-1.96*SQRT(C2/B2*(1-C2/B2)/B2+C3/B3*(1-C3/B3)/B3)
=(C3/B3-C2/B2)+1.96*SQRT(C2/B2*(1-C2/B2)/B2+C3/B3*(1-C3/B3)/B3)
```

Utapata takribani -0.002 na 0.085. Mimi nikiwa na nafasi ya kumwonyesha mteja kitu kimoja tu, namwonyesha hizi mbili na kuiacha p. Zinasema pengo la kweli linaweza kuwa popote kati ya B kuzidiwa kidogo sana (pointi 0.2 za asilimia) na B kuzidi kwa pointi 8.5. Mtu yeyote anaelewa hapo kwamba upana huo ni mkubwa mno kusema "B inaongeza wateja kwa theluthi mbili". Anaelewa pia kwamba sehemu kubwa ya upana huo iko upande wa B.

Hatua ya 9: Toa uamuzi kulingana na gharama

Jibu la namba zetu ni "bado hatujui, ila kuna dalili nzuri upande wa B". Ufanye nini nalo? Inategemea kukosea kutakugharimu nini.

Kama matoleo yote yameshatengenezwa na unachagua tu lipi utume kwa wateja wapya, tumia B. Hulipi kitu, na namba zilizopo zinaegemea huko. Kama unataka kumlipa mpiga picha arekodi upya klipu zote za kitalu zianze na kisu, ngoja kwanza. Na usiseme "tumethibitisha" kwa mtu anayeweka hela zake kwa sababu ya neno hilo.

Kwa kupata jibu thabiti, unahitaji watu wangapi? Ukitaka kugundua tofauti ya kutoka asilimia 6 hadi 10, na jaribio likupe nafasi ya kuiona mara 80 katika 100, unahitaji watu kama 720 waliofungua kwa kila toleo. Kwa 300 kila upande, tofauti unayoweza kuitegemea kuiona kwa kiwango hicho ni kutoka asilimia 6 hadi karibu 12.6. Kwa ufupi, watu 300 wanakuonyesha kitu kikijizidisha mara mbili. Kubadilisha rangi ya maandishi au muziki wa nyuma hakujizidishi mara mbili, kwa hiyo usipoteze orodha yako kwa majaribio ya aina hiyo. Jaribu mambo makubwa: kuanza na bei dhidi ya kuanza bila bei, mkulima anayesimulia mavuno dhidi ya muuzaji anayesifia miche.

Njia nyingine ni kuchagua kitendo ambacho watu wengi zaidi wanakifanya. Kama badala ya BEI unawauliza "Jibu 1 kama una shamba, 2 kama huna", na wanaojibu ni asilimia 30 badala ya 6, basi tofauti ya 30 hadi 40 inaonekana kwa watu kama 350 kila upande. Ila hapo umehama kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mtu anayependa kujibu, na hao wawili si lazima waende pamoja. Mimi ningebaki na BEI.

Mambo yakikwama

*Waliojibu ni wachache sana, kama 2 na 8.* Fomula ya hatua ya 8 haifai majibu yakiwa chini ya 5 upande mmoja. Kama makundi yanalingana kwa ukubwa, tumia hii, ukiweka idadi ndogo kwanza kisha jumla:

```
=2*BINOM.DIST(2,10,0.5,TRUE)
```

Inatoa 0.109. Ndiyo, 8 dhidi ya 2, mara nne, na bado haijavuka. Kwa watu 10, hata 9 kwa 1 ndiyo inayoanza kuvuka, kwa 0.021.

*Jedwali linakataa fomula.* Kulingana na mpangilio wa lugha na nchi kwenye simu, alama ya kutenganisha inaweza kuwa nukta mkato badala ya mkato, na nukta ya desimali kama ya 1.96 ikawa mkato. Badilisha, itakubali. Ukiona z hasi, ni kwa sababu A iko juu ya B; ABS imeshashughulikia hilo kwenye p.

*Kundi moja limefunguliwa na watu wengi zaidi, mfano 330 kwa 240.* Uligawa 420 kwa 420 na picha ya mwanzo ni moja, kwa hiyo pengo kubwa hivyo si la kawaida. Angalia kama orodha moja ya brodikasti haikutumwa, au ilitumwa saa nyingine. Usiendelee na hesabu mpaka ujue sababu.

*Namba hazijavuka, niongeze watu wengine 200?* Ukiongeza kwa sababu hazijavuka, umerudi kwenye kuchungulia. Fanya raundi ya pili kama jaribio jipya: watu wapya, mgawanyo mpya, muda uleule, na uamuzi umeuandika kabla. Raundi ya pili ihesabu peke yake. Kama nayo inaegemea B, una sababu nzuri zaidi kuliko ungekuwa nayo kwa kurefusha ya kwanza.

*Sina namba za wateja, nina ukurasa tu.* Kurasa za matangazo ya kulipia za Meta na TikTok zina jaribio la kulinganisha matoleo mawili, linalogawa watu kabla ya kuonyesha. Litumie hilo, si kupandisha video mbili kwa kupishana. Hata hapo mashine inaweza kutafuta watu wa aina tofauti kidogo kwa kila toleo, kwa hiyo pengo dogo lichukulie kwa tahadhari zaidi kuliko la orodha uliyoigawa mwenyewe.

*Nataka kulinganisha wastani wa sekunde zilizotazamwa.* Sekunde zina watu wachache wanaotazama mara tatu nzima na wengi wanaotoka sekunde ya pili, kwa hiyo wastani unayumbishwa na hao wachache. Geuza kuwa ndiyo au hapana: amefika sekunde ya 30 au hakufika. Ukipata idadi ya waliofika, irudishe kwenye C2 na C3 na fomula zilezile zinafanya kazi.